Gari la usiku kwenye barabara isiyo na taa: pima umbali unaoona

"Habari mtaalamu. Natafuta gari lililotumika. Nusu ya safari zangu ni usiku, kwenye barabara kuu ya vijijini isiyo na taa hata moja: kuna wapita njia, mifugo, baiskeli, na malori yaliyoharibika yakiachwa gizani. Nimebakiza magari mawili, moja la karibuni lenye taa za LED na jingine la zamani kidogo lenye balbu za halojeni. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua la LED. Je, ni kweli? Na nitajuaje taa ni nzuri kabla sijalipa?"

Ndugu, waliokushauri hawakukosea sana. Ukichukua magari mengi kwa ujumla, taa za LED zilizotoka kiwandani humulika mbali kuliko halojeni. Lakini wewe hununui magari mengi, unanunua moja lililokwisha kutumika, na kwenye gari lililotumika aina ya taa haitoshi kukuambia kitu. Nimeona LED inayomulika karibu kuliko halojeni ya miaka kumi na tano, kwa sababu nitakazokueleza. Unachotakiwa kujua ni kimoja: mtu aliyevaa nguo nyeusi, amesimama ukingoni upande wako, utamwona akiwa mita ngapi mbele yako ukiwa umewasha dimu. Namba hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa usiku mmoja, bila chombo chochote cha gharama.

Kwa nini nasema dimu, si fulu? Kwa sababu fulu unaitumia barabara ikiwa tupu. Hatari unayoiogopa ni kubwa pale gari jingine linapokuja, umeshusha taa, macho yako yamechomwa na taa zake, na nyuma yake kuna mtu anavuka. Wakati huo dimu ndiyo pekee uliyobaki nayo.

Sasa tuiweke dimu hiyo kwenye mwendo. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde gari linakula mita 22. Dereva wa usiku anayekutana na kitu asichokitarajia huhitaji kama sekunde mbili kukiona, kukitambua na kufikisha mguu kwenye breki. Hapo zimeshakwenda mita 44 na gari halijaanza kupungua. Kusimama kwenyewe, lami ikiwa kavu na tairi nzima, kunachukua mita 35 nyingine. Jumla ni karibu mita 80. Kwa kilomita 60 unahitaji kama mita 53, na kwa kilomita 50 kama mita 42. Lami ikilowa, zote zinaongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Ukikaa ndani ya gari unamsubiri rafiki yako atokee gizani, utamwona mapema, kwa sababu unajua yupo. Dereva ambaye hategemei kukuta mtu humwona akiwa kwenye takribani nusu ya umbali huo. Hivyo namba utakayopata kwenye jaribio igawe kwa mbili kwanza, kisha ndipo uilinganishe na umbali wa kusimama. Gari lililokuonyesha mtu kwa mita 80 kwenye jaribio, barabarani lichukulie kuwa linakupa mita 40, na mita 40 hazifiki hata mwendo wa kilomita 50.

Jaribio lenyewe linafanywa hivi. Tafuta mahali tambarare, panaponyooka kwa mita 200 au zaidi, pasipo na magari wala taa za majengo. Usilifanye kwenye barabara kuu yenyewe. Uwanja mpana au njia ya vumbi isiyopitiwa usiku inatosha. Chagua usiku usio na mbalamwezi. Simamisha gari likiwa limenyooka sawasawa na njia, injini ikiwa inawaka, maana halojeni hupungua nguvu injini ikizimwa na betri ikabaki peke yake. Ndani ya gari awepo dereva tu, buti likiwa tupu, na kama kwenye dashibodi kuna kigurudumu cha kuinua na kushusha taa, kiweke kwenye sifuri. Kaa kama dakika kumi macho yazoee giza. Rafiki yako avae nguo nyeusi zisizong'aa, viatu pia, azime simu, aanzie mbali kabisa na kutembea taratibu kuja kwenye gari akifuata ukingo wa upande wenu. Pale unapokuwa na hakika kwamba ni mtu, si kivuli, mpigie honi. Asimame hapo hapo, na mpime umbali kwa kamba au kwa hatua mlizozipima mapema. Rudieni akipita upande wa magari yanayokuja, kisha rudieni tena kwa fulu.

Ukiwa umekaa hapo utapata mtego ambao umewapotosha wanunuzi wengi. Taa inayomwaga mwanga mwingi mita kumi mbele ya bampa humfurahisha mtu papo hapo. Lami inameta, unaona kila kokoto, unasema taa hizi ni kali. Lakini mwanga huo wa karibu hulifanya jicho lizoee mwangaza, na kule mbali kunakuwa kweusi zaidi kwako. Kwa hiyo usiisifu taa kwa kilichoko karibu na boneti. Ipe alama kwa pale honi ilipolia.

Nikupe mfano wa kazi niliyoifanya kwa mteja mmoja aliyekuwa kwenye njia panda kama yako. Gari la kwanza lilikuwa la LED, safi, lenzi zinang'aa. La pili halojeni, lenzi zimefifia na kuwa na rangi ya manjano. Usiku wa kwanza la LED lilimwonyesha mtu kwa mita 38 tu upande wa ukingo, la halojeni likamwonyesha kwa mita 40. Mteja alitaka kuyaacha yote mawili. Mimi nilimwambia kwanza tujue sababu, kwa kuwa taa mbovu na taa iliyoelekezwa vibaya ni vitu viwili tofauti.

Tulianza na la LED mbele ya ukuta. Hili nawe ulifanye, ni rahisi. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, sakafu ikiwa sawa. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ya urefu huo huo ukutani. Ukiwasha dimu utaona mstari ulio wazi kati ya mwanga na giza. Kwa magari mengi mstari huo unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya alama yako, yaani mwanga unashuka asilimia moja. Magari mengi yana kibandiko chini ya boneti chenye picha ya taa na namba kama 1,0% au 1,2%, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kwenye gari lile mstari ulikuwa zaidi ya sentimita 21 chini ya alama.

Fanya hesabu uone maana yake. Taa iliyo sentimita 70 kutoka chini, ikishuka asilimia moja, mstari wake unagusa lami mita 70 mbele. Ikishuka asilimia mbili na kidogo, unagusa lami mita 33 mbele. Zaidi ya hapo lami iko gizani, hata kama taa ina nguvu kiasi gani. LED ndiyo inaumia zaidi hapa kwa sababu mstari wake umekatwa kwa ukali: juu yake hakuna mwanga karibu wowote, ilhali halojeni ya zamani huvuja kidogo juu na kukusaidia bila wewe kujua.

Chanzo tulikikuta nyuma ya gari. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa akibeba mizigo, akaweka springi ngumu za nyuma zilizoinua gari sentimita 3. Kati ya tairi za mbele na za nyuma kulikuwa na mita 2.6. Sentimita 3 kwa urefu huo ni zaidi ya asilimia moja, na gari likawa limeinamisha pua na taa zake. Hakuna aliyekumbuka kuzielekeza upya. Fundi alizungusha skrubu zilizoko nyuma ya kila taa, tukarudi ukutani mpaka mstari ukakaa mahali pake, na usiku uliofuata honi ililia mita 85 upande wa ukingo na mita 55 upande wa pili.

Geuza hesabu hiyo hiyo na utaelewa kwa nini watu hukuwashia fulu hata ukiwa kwenye dimu. Ukijaza buti na kuweka abiria watatu nyuma, nyuma inalala sentimita 3, taa zinainuka, na mstari uliokuwa ukishuka asilimia moja sasa unapanda juu ya usawa. Unawachoma macho wanaokuja. Anayekuja akiwa kipofu kwa sekunde kadhaa ni hatari kwako pia, maana mko kwenye lami moja. Kigurudumu cha dashibodi kimewekwa kwa ajili hiyo: sifuri ukiwa peke yako, namba kubwa kadiri mzigo unavyolalia nyuma. Magari mengine hujirekebisha yenyewe kwa kijiti kilichofungwa kwenye ekseli. Kwenye gari la namna hiyo angalia kijiti hicho kipo na hakijapinda, kwa sababu barabara mbovu hukivunja na mara nyingi hakuna anayegundua.

Gari la halojeni lilikuwa na ugonjwa mwingine. Mstari ukutani ulikuwa sawa kabisa, lakini mwanga wenyewe ulikuwa wa rangi ya chai. Sababu zilikuwa mbili. Lenzi za siku hizi ni plastiki, na jua huila ngozi ya juu hadi ikawa na ukungu. Ukungu huo hauzuii mwanga tu, unautawanya, hivyo sehemu iliyotakiwa kwenda mbali inakwenda juu na pembeni. Sababu ya pili ni umeme. Tulichomeka mita ya kupimia volti kwenye soketi ya balbu, dimu ikiwaka na injini ikizunguka. Kwenye betri kulikuwa na volti 14 na kidogo, kwenye balbu volti 12. Waya zilikuwa zimechakaa na ethi, yaani kiungio cha kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, imeshika kutu. Watu husema volti moja haina shida, lakini balbu ya halojeni haipungui sawasawa na umeme. Ikipata volti 12 badala ya 13.2, inapoteza zaidi ya robo ya mwanga wake.

Ethi ikasafishwa, rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na waya nene zikafungwa ili taa zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, lenzi zikapigwa msasa laini, polishi, na mwisho vanishi ya kukinga jua. Usikubali kuishia kwenye polishi peke yake. Bila vanishi ukungu hurudi haraka. Balbu zote mbili zikabadilishwa kwa pamoja, za nguvu ile ile ya kiwandani. Matokeo yalikuwa mita 58 upande wa ukingo.

Weka namba hizo kwenye mwendo, baada ya kugawa kwa mbili. Gari la LED lililorekebishwa linakuruhusu kama kilomita 50 kwa saa ukiwa kwenye dimu. La halojeni lililorekebishwa, chini kidogo ya 40. Kabla ya matengenezo yote mawili yalistahili chini kidogo ya kilomita 30, na wenye nayo walikuwa wakiyaendesha 90. Kwa fulu tofauti ilikuwa ndogo zaidi kwa uwiano: LED mita 180, halojeni mita 150, yaani mwendo wa karibu 85 dhidi ya karibu 75. Usishangae kwamba taa yenye mwanga mwingi zaidi haizidishi umbali kwa kiasi kile kile. Ukitaka kumulika mara mbili ya mbali, unahitaji mwanga mara nne.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kwa barabara uliyoieleza, LED ya kiwandani iliyoelekezwa sawasawa ndiyo chaguo langu, na sababu yangu ni zile mita za ziada kwenye dimu. Lakini ichunguze kabla ya kulipa, kwa kuwa ina udhaifu wake. Magari mengi ya LED hayana balbu ya kubadilisha. Taa ikifa unanunua taa nzima, na bei yake inaweza kukushtua. Uliza bei hiyo kwanza kwa gari lile lile, uiongeze kwenye hesabu yako. Tazama kama ndani ya lenzi kuna matone ya maji au mistari ya vumbi lililoganda, dalili kwamba maji yameshaingia. Linganisha taa ya kushoto na ya kulia kwa rangi ya mwanga na kwa umbo la mstari ukutani. Zikitofautiana, huenda moja imewahi kubadilishwa, na pengine gari liliwahi kugongwa upande huo.

Kuna gari moja la kulikimbia: lile la halojeni ambalo muuzaji anajisifu kwamba ameliwekea balbu za LED. Bakuli la taa ya halojeni limechorwa kwa ajili ya waya mwembamba unaowaka ukiwa mahali mahususi kabisa, na likipishana nao kwa sehemu ya milimita mwanga unakwenda kusikotakiwa. Vipande vya LED vina umbo jingine. Ukutani utauona mstari umepasuka au umetoweka, mabaka meupe yamepanda juu. Karibu na boneti patang'aa sana, na ule mtego niliokueleza utakunasa, huku anayekuja haoni kitu. Kama gari ni zuri kwa mengine yote, sharti la kwanza liwe kurudisha balbu za halojeni, na jaribio lifanywe baada ya hapo.

Ukiwa bado ukutani, angalia mstari wa dimu unapandia upande gani. Dimu nyingi hazina mstari ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Sehemu moja hupanda ili imulike ukingo na wanaotembea kwa miguu. Mkiendesha upande wa kushoto, lazima ipande kushoto. Mkiendesha kulia, ipande kulia. Magari yaliyotoka nchi za upande mwingine mara kwa mara huja na taa za huko, na taa hizo hupanda kuelekea kwenye macho ya wanaokuja huku ukingo wako ukibaki giza. Kosa hili skrubu haziliponyi. Kuna taa zilizotengenezwa ziweze kugeuzwa, hasa zile zenye mshale wa vichwa viwili kwenye lenzi, lakini nyingine zote hubadilishwa nzima, na mnunuzi asiyejua hulipa mara mbili.

Mwanga ukishatoka vizuri, lazima urudi jichoni kupitia kioo cha mbele, na hapo ndipo wengi huacha kukagua. Mwombe mtu asimame na gari jingine mita 50 mbele, awashe dimu akikuelekea, nawe ukae kwenye kiti cha dereva. Kama kioo kimechubuliwa na mchanga na waipa, utaona nyota na miale imetapakaa kote, na rafiki yako mwenye nguo nyeusi atapotea ndani yake. Safisha kwanza upande wa ndani, wengi hawausafishi kamwe, kisha rudia. Miale ikibaki, bei ya kioo kipya iingie kwenye mazungumzo. Tinti kwenye kioo cha mbele itolewe, hata ile nyepesi. Na kama dereva mkuu ni mzee, haya yote yanamhusu zaidi, kwa kuwa jicho la miaka 60 hupokea takribani theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la miaka 20.

Gari la LED linaweza kuwa na fulu inayojishusha yenyewe. Ni msaada wa kweli, kwa sababu madereva wengi huchoka kupandisha na kushusha, wakabaki kwenye dimu njia nzima hata barabara ikiwa tupu. Lakini kamera yake inatafuta taa, haitafuti watu. Mwendesha baiskeli asiye na taa hataonekana nayo, na anayetokea nyuma ya kilima huchomwa kwa muda kabla haijashuka. Iwashe, mkono wako ukae karibu na kijiti cha taa kwenye usukani.

Mwambie muuzaji mapema kwamba utalijaribu gari usiku, na kwamba bei mtaifunga baada ya ukuta na baada ya honi. Akikubali kukupa gari kwa saa mbili tu, tumia saa ya kwanza ukutani. Mstari ukiwa umekaa vibaya, jaribio la honi halitakuambia lolote kuhusu taa zenyewe mpaka zielekezwe. Akikataa kabisa, chukua lile jingine, hata kama ni la halojeni, mradi limepita ukutani, lenzi ni safi na volti zinafika kwenye balbu. Kisha kwenye dimu usilifikishe kilomita 40 pale wanapopita watu.